Jibu Sahihi, Maksi Moja

Mama mmoja wa hapa Wete alinijia barazani na karatasi mbili za mtihani wa majaribio wa hesabu. Moja ya mwanawe, moja ya mtoto wa nduguye. Wote wawili wamo Kidato cha Nne na wanalala nyumba moja. Karatasi zote alikuwa amezikunja pahala pamoja. "Maalim," akaniambia, "huyu kapata jibu, kapewa maksi moja. Huyu kakosa jibu, kapewa maksi nne. Nieleze hesabu hii, maana nyumbani hakukaliki."

Nilizisoma mbele yake mstari kwa mstari. Msahihishaji alikuwa sawa katika karatasi zote mbili, na kila alama niliweza kumwonyesha imetoka wapi. Namweleza hapa na msomaji mwingine yeyote mwenye mtoto anayekaribia mtihani, kwani watoto wengi hodari wanapoteza alama kwa njia hii na hakuna anayekaa nao kuwaonyesha.

Swali lenyewe lilikuwa hili: kwa njia ya kukamilisha mraba, tafuta thamani za x katika mlinganyo 2x² + 5x − 3 = 0. Alama 6.

Kijana aliuangalia mlinganyo akaona unapasuka. Akaandika:

```
2x² + 6x − x − 3 = 0
2x(x + 3) − 1(x + 3) = 0
(2x − 1)(x + 3) = 0
x = 1/2  au  x = −3
```

Kazi safi, mistari minne, jibu sahihi. Hii ndiyo njia ya vigawo, na ukiibadilisha x kwa 1/2 au kwa −3 katika mlinganyo wa mwanzo utapata sifuri. Akapewa alama 1.

Binti alifuata alivyoambiwa. Aligawa kila kitu kwa 2, akaihamisha 3/2 upande wa pili, akachukua nusu ya 5/2, ambayo ni 5/4, akaizidisha kwa yenyewe na kuiongeza pande zote mbili. Hapo ndipo mkono ulipoteleza. Alipotaka kujumlisha 3/2 na 25/16, aliigeuza 3/2 kuwa 12/16 badala ya 24/16. Basi akapata 37/16 pale palipotakiwa 49/16, na akaendelea nayo hadi mwisho:

```
x² + (5/2)x = 3/2
x² + (5/2)x + 25/16 = 3/2 + 25/16
(x + 5/4)² = 37/16
x + 5/4 = ±√37/4
x = (−5 ± √37)/4
```

Jibu hilo si kweli. Akapewa alama 4.

Ili uone alama zimetoka wapi, lazima uione skimu, yaani mwongozo wa kusahihishia. Watu wengi wanadhani skimu ni orodha ya majibu. Majibu yamo, lakini yanachukua sehemu ndogo. Kwa swali hili alama 6 ziligawanywa hivi. Moja ni ya kugawa kwa 2 na kuitenga namba isiyo na x. Moja ni ya kuongeza mraba wa nusu ya 5/2 pande zote mbili. Moja ni ya kuandika upande wa kushoto kama mraba mmoja, (x + 5/4)². Moja ni ya kupata 49/16 upande wa kulia. Moja ni ya kuchukua kipeuo cha pili na kukumbuka alama ya ±. Ya mwisho ni ya majibu yote mawili, 1/2 na −3.

Ukizitazama vizuri, ni za aina mbili. Nne kati ya hizo ni alama za njia: zinalipa tendo, na tendo likishaonekana kwenye karatasi zimeshatoka, hata kama hesabu ya kujumlisha iliyomo ndani yake imekosewa. Mbili, ya 49/16 na ya majibu ya mwisho, ni alama za usahihi: zinalipa namba iliyopatikana kwa tendo hilo. Binti alifanya matendo yote manne. Alikosa namba ya 49/16, na kosa hilohilo likamharibia jibu la mwisho. Nne kwa sita. Hakuadhibiwa kwenye alama ya ± kwa sababu ya kosa alilolifanya mstari wa juu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: kosa moja hukatwa pale lilipotokea na pale lilipobadilisha jibu, wala halifutilii mbali kazi sahihi iliyo katikati.

Kijana, kwa upande wake, hakugawa kwa 2, hakuongeza 25/16, hakuandika mraba, hakuchukua kipeuo. Matendo manne yaliyokuwa yanalipwa hayamo kwenye karatasi yake. Je, alama ya majibu ya mwisho? Kanuni ya kawaida ni kwamba alama ya usahihi hutegemea alama ya njia iliyoitangulia, hailipwi peke yake. Kwa kanuni hiyo angepata sifuri. Skimu ya mtihani ule ilikuwa na huruma kidogo: iliweka alama 1 maalumu kwa mwenye kufika kwenye majibu yote mawili kwa njia nyingine yenye kazi iliyoonyeshwa. Hiyo ndiyo aliyopewa.

Mitihani ya Cambridge, ambayo baadhi ya skuli binafsi za Unguja huifanya, huchapisha skimu zake hadharani, na mzazi mwenye simu anaweza kuzisoma. Humo utaona herufi pembeni ya kila hatua: M ni alama ya njia, A ni ya usahihi inayotegemea njia, B ni alama inayosimama peke yake bila kutegemea nyingine. Baraza la Mitihani la Tanzania halitoi skimu zake kwa namna hiyo, lakini kila mwaka hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, pamoja na picha za kurasa za watahiniwa waliofanya vizuri na waliokosea. Mwalimu yeyote wa Kidato cha Nne asiyezisoma na wanafunzi wake anawanyima kitu kikubwa.

Mama akaniuliza suali ambalo ndilo kiini cha mambo yote: "Sasa maalim, kama majibu ni yaleyale, kwa nini wamshurutishe njia?"

Kwa sababu swali lile halikuwekwa ili kujua x ni ngapi. Liliwekwa ili kujua kama mtahiniwa anaweza kukamilisha mraba. Ukimwambia kijana akuonyeshe anavyojua kukwea mkarafuu, naye akakuletea pishi ya karafuu alizochuma kwenye matawi ya chini akiwa amesimama, karafuu zile ni za kweli na hakuziiba, lakini kukwea bado hujamwona.

Na ustadi huo una kazi kwenye mada nyingine pia. Kidato cha Tatu, kwenye mada ya fankisheni, mwanafunzi anatakiwa kutafuta thamani ndogo kabisa ya 2x² + 5x − 3. Aliyekamilisha mraba anaiandika hivi:

```
2x² + 5x − 3 = 2(x + 5/4)² − 49/8
```

Mraba hauwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo thamani ndogo kabisa ni −49/8, na inapatikana x ikiwa −5/4. Yote yanasomeka palepale kwenye mstari mmoja. Vigawo (2x − 1)(x + 3) havikuambii hilo waziwazi. Na kuna milinganyo ambayo haina vigawo vya namba nzima kabisa: x² + 4x − 1 = 0, kwa mfano, ambayo majibu yake ni −2 + √5 na −2 − √5. Mwenye kutegemea vigawo peke yake atajaribu mpaka wino umwishie.

Nina wanafunzi wakali ambao hunijia na hoja nzuri zaidi. Wanasema: fomula ya jumla, ile yenye −b na b² − 4ac, yenyewe ilipatikana kwa kukamilisha mraba. Basi mimi nikitumia fomula, si nimekamilisha mraba? Hoja hii inanifurahisha kila ninapoisikia, kwani inaonyesha mtoto anajua fomula imetoka wapi. Lakini haimpi alama. Anayetumia fomula anaingiza namba kwenye kazi iliyokwishafanywa na mwingine, na mraba alioombwa kuukamilisha hauonekani popote kwenye karatasi yake. Kama ana haki ya kudai kitu, basi angeanza na ax² + bx + c = 0 na kuukamilisha mraba kwa herufi mpaka afike kwenye fomula, ndipo aingize 2, 5 na −3. Hapo angekuwa amefanya kilichoombwa, tena kwa ugumu zaidi, na mimi ningempa sita zote.

Amri ya namna hii haiji kila mara kwa kutaja jina la njia. Wakati mwingine imejificha kwenye sehemu (b) ya swali, inayoanza na "kwa hiyo" au "kwa kutumia jibu lako la sehemu (a)". Maneno hayo yanafunga mlango: unatakiwa utoke kwenye (a), si uanze upya. Yakiongezwa "au kwa njia nyingine yoyote", mlango umefunguliwa na kila njia sahihi inalipwa. Mwanafunzi anayesoma haraka haoni tofauti, naye ndiye anayeniletea karatasi akilalamika.

Sasa nije kwenye upande ambao kwangu ni mgumu zaidi, nao ni pale swali linapokuwa halikutaja njia yoyote.

Karatasi hiyohiyo ilikuwa na swali la alama 3: tafuta jumla ya namba 20 za mwanzo za mfuatano 3, 7, 11, 15 na kuendelea. Skimu ilikuwa na alama 1 kwa kutambua kwamba mfuatano unaanza na 3 na unaongezeka kwa 4, alama 1 kwa kuingiza namba hizo kwenye fomula ya kujumlisha mfuatano, na alama 1, inayosimama peke yake, kwa jibu, 820. Kijana yuleyule hakutumia fomula. Aliandika mstari mmoja tu:

```
82 × 10 = 820
```

Najua alichofanya, na nadhani msomaji naye ameshaona. Namba ya ishirini ni 79. Ukiijumlisha ya kwanza na ya mwisho, 3 + 79, unapata 82. Ya pili na ya pili kutoka mwisho, 7 + 75, ni 82 tena. Jozi ziko kumi. Hii ni njia halali kabisa, na fomula yenyewe imejengwa juu ya wazo hilohilo. Swali halikumkataza. Lakini alipata alama 1, ya jibu, na hapa siwezi kumlaumu aliyesahihisha. Karatasi ya Hesabu ya Kidato cha Nne, ile ya maswali 14, inasema wazi kwenye maelekezo yake kwamba kazi yote ionyeshwe, na mitihani yetu ya majaribio inaiga maelekezo hayo. Kwenye mstari ule mmoja, 82 imetoka wapi? Kumi ni nini? Mimi nimekisia kwa sababu namjua. Asiyemjua haruhusiwi kukisia.

Mistari ambayo ingempa alama zote tatu ni hii:

```
namba ya 20 = 3 + 19 × 4 = 79
3 + 79 = 82,  7 + 75 = 82, ...
jozi ni 20 ÷ 2 = 10
82 × 10 = 820
```

Dakika moja ya kuandika, pengine chini ya hapo. Na faida yake haionekani pale anapopatia. Inaonekana anapokosea. Chukua kosa ambalo hutokea sana hapa: mtoto anazidisha 4 kwa 20 badala ya 19. Namba ya ishirini inakuwa 83, jozi inakuwa 86, jumla inakuwa 860. Kama aliandika 3 + 20 × 4 = 83, kisha 3 + 83 = 86, kisha 86 × 10, msahihishaji anaona kwamba huyu anajua mfuatano unaanza na 3 na unaongezeka kwa 4, na anajua kuunganisha jozi. Amekosa jibu, lakini alama 1 ya kutambua anaipata, na ya njia ya kujumlisha ana haki nayo pia, kwa sababu 86 na 10 zimefuata sawasawa kutoka kwenye namba aliyoipata. Mbili kwa tatu. Kama aliandika 86 × 10 = 860 peke yake, ni sifuri, na hakuna rufaa itakayomsaidia, maana hakuna cha kusoma.

Hivyo njia ya mkato ina hatari ambayo fomula haina. Fomula inamlazimisha mtoto kuandika namba zake moja moja, na kila namba iliyoandikwa ni pahala pa kupatia alama. Njia yake mwenyewe hupitia kichwani, na yaliyobaki kichwani hayasahihishwi. Siwakatazi wanafunzi wangu kutumia njia zao. Nawaambia waandike kila namba inayozaliwa katikati, na kando yake imetoka wapi.

Lakini wajibu hauko kwa mtoto peke yake. Kabla ya kusahihisha, walimu hukaa pamoja na skimu. Kiongozi husoma swali, kila mmoja anasema wanafunzi wake hulijibu vipi, na njia zinazokubalika zinaandikwa chini ya ile ya kwanza, zikiwa zimegawiwa alama kwa hatua zinazolingana uzito. Hiyo ndiyo saa ya kusema "wapo watakaounganisha jozi". Baada ya hapo zinasahihishwa karatasi chache za mwanzo, na mara nyingi ndipo inapojitokeza njia ambayo hakuna aliyeifikiria, nayo inaongezwa. Kazi ikishaanza kwa kasi, kila mwalimu ana swali lake, karatasi zinapita mkono kwa mkono, na njia ngeni ikitokea saa tisa mchana, mwalimu aliyechoka anatafuta fomula kwenye ukurasa, haioni, anapiga mkasi.

Nimeliona hilo likitokea. Katika kituo kimoja cha kusahihisha, mwanafunzi alikuwa ameonyesha jozi zote kumi, moja baada ya nyingine, na 820 imepigiwa mstari chini. Aliyesahihisha alimpa alama 1 na kuandika pembeni "fomula iko wapi?" Swali halikuomba fomula. Hapo mtoto aliibiwa alama mbili, na siyo jambo la kuonea haya kulisema hivyo. Karatasi ilipelekwa kwa kiongozi wa jopo, alama zikarudishwa, na ikabidi karatasi zote za swali lile zilizokwishapita zipitiwe upya, kwa sababu haikuwezekana kujua ni wangapi wengine wamekatwa vilevile. Zilituchukua mpaka magharibi. Ilistahili. Msahihishaji akikutana na njia asiyoijua hana ruhusa ya kuamua peke yake kuwa ni kosa. Anaiweka kando na kuuliza. Na akiifuata hatua kwa hatua akakuta kila mstari unatokana na ule wa juu yake, na swali halikuifungia mlango, basi alama ni za mtoto.

Nilimwambia mama yule awarudishie watoto karatasi zao, na kila mmoja ajibu swali lile la kukamilisha mraba upya kwa njia aliyotumia mwenzake. Binti afanye vigawo, kijana akamilishe mraba. Vijana wanajua zaidi ya alama walizopata, na njia zote mbili watazihitaji Novemba.

Kwa walimu wenzangu wanaotunga mitihani ya wilaya nina ombi moja la kiufundi. Ukitaka kupima kukamilisha mraba, usichague mlinganyo unaopasuka kwa vigawo kama ule wa 2x² + 5x − 3. Unamwekea mtoto kishawishi cha bure, kisha unamkata alama tano kwa kukifuata. Weka x² + 4x − 1 = 0, au 2x² + 8x − 5 = 0, na amri ya kukamilisha mraba uiandike mwanzo wa sentensi, isije ikapotea mwishoni baada ya mlinganyo. Anayekimbilia vigawo atakwama kabla hajamaliza mstari wa pili, atarudi kulisoma swali, na muda wa kulijibu bado anao.